Samani za kompyuta chumbani: Mpangaji aambiwe ndani ya picha yenyewe

MATANGAZO ya vyumba vya kupangisha katika miji ya mpakani yamebadilika sura. Zamani ilikuwa kipande cha boksi kilichoandikwa kwa makaa na kupachikwa kwenye mwembe, au dalali aliyekaa kibarazani akisubiri mgeni anayeshuka kwenye basi. Siku hizi chumba cha Busia kinaonekana Muscat, Dubai na Nairobi kabla mwenye nyumba hajamaliza kufagia. Picha inatumwa kwa simu, inasambazwa kutoka kundi moja la wafanyabiashara hadi jingine, na mtu ambaye hajawahi kukanyaga mtaa huo anaamua kutuma kodi au kutotuma.

Pamoja na mabadiliko hayo umeingia mtindo wa kuongeza samani ndani ya picha ya chumba kitupu. Kitanda kimetandikwa vizuri, kochi lipo, zulia lipo, na kumbe vyote vimewekwa kwa kompyuta. Ukifika ukafungua mlango unakuta sakafu na kuta nne.

Mimi ni mpiga picha, na sehemu ya riziki yangu upande wa Uganda hutokana na vyumba vya namna hiyo. Sioni ubaya wa kazi yenyewe. Chumba kitupu kwenye picha humchanganya mtazamaji: hajui kama ni kikubwa au kidogo, wala hajui kitanda kitakaa wapi. Samani za kompyuta zikiwekwa kwa vipimo vya kweli humsaidia kuelewa nafasi. Tatizo huanza zinapowekwa kwa vipimo vya uongo, au zinapofunika kitu, au mpangaji asipoambiwa.

Anayeumia zaidi ni yule aliye mbali. Dada anayerudi nyumbani baada ya miaka minne ya kazi za ndani Oman hawezi kuja kutazama chumba siku ya Jumamosi. Akiamini kwamba kitanda kimo, hatapanga fedha ya kitanda wala godoro. Atashuka Entebbe, atasafiri hadi Kampala na kutoka hapo kilomita zipatazo 200 hadi mpakani, pengine afike usiku na mtoto mgongoni, ndipo agundue kwamba alichokiona hakipo. Mfanyabiashara wa mitumba naye ana hesabu yake: anataka kujua kama kitanda na marobota yake vitaenea pamoja bila kuziba mlango.

Nieleze kazi moja niliyoifanya, kwa sababu ndani yake mna karibu kila jambo ambalo msomaji anahitaji kulijua.

Mama mmoja mwenye nyumba za kupangisha alikuwa na chumba cha futi 10 kwa 12, yaani takriban mita 3.05 kwa 3.66. Mlango uko kwenye ukuta mfupi, kona ya kulia, na unafungukia ndani. Dirisha liko kwenye ukuta mrefu wa kushoto. Chini ya dirisha hilo, usawa wa goti, palikuwa na doa la unyevu lenye upana wa mkeka wa kuswalia. Sakafu ilikuwa ya vigae vya sentimita 40.

Kijana wake alikuwa ameshajaribu kukipamba chumba hicho kwa programu ya akili bandia kwenye simu. Unaiwekea picha, unachagua “chumba cha kulala”, na baada ya sekunde chache unapata chumba cha kifahari. Mama alinionyesha kwa furaha. Mlikuwa na kitanda kikubwa chenye mito miwili, kochi la watu watatu, meza ya kioo na televisheni ukutani.

Nilimwomba anipe dakika moja tuhesabu vigae.

Vigae ndivyo rula iliyolala sakafuni, na hakuna anayeweza kubishana navyo. Kitanda cha godoro la futi 5 kwa 6, pamoja na fremu yake, huwa na upana wa karibu sentimita 165. Kwa vigae vya 40, kinapaswa kufunika vigae vinne na kidogo. Kile cha kwenye picha kilifunika vigae vitatu, yaani sentimita 120, ingawa kilikuwa na mito ya watu wawili. Kochi la watu watatu, ambalo kwa kawaida hukaribia mita 2 na lingechukua vigae vitano, lilikuwa limekaa juu ya vigae vitatu na nusu. Programu ilikuwa imesinyaza samani zote ili zienee, na jicho la mtazamaji, linalojua kitanda kina ukubwa gani, likaona chumba kikubwa kuliko kilivyo.

Huo ndio uongo unaopita kimya kimya zaidi katika picha hizi. Hata ukiandika kwa herufi kubwa kwamba samani si za kweli, mtu bado atadanganyika kuhusu ukubwa wa chumba.

Kulikuwa na mengine. Programu za aina hii mara nyingi haziweki kitanda juu ya picha yako; huichora picha nzima upya kwa kukisia. Nilipoweka picha mbili sambamba, ile ya awali na ile iliyopambwa, soketi ya karibu na mlango ilikuwa imetoweka. Nondo za dirisha zilikuwa zimegeuka kioo kipana. Doa la unyevu halikuwepo, na ukuta ulikuwa mweupe kama wa nyumba mpya. Hakuna aliyeamuru doa lifutwe. Programu ililiona kama uchafu ikalisafisha. Kwa hiyo anayeitumia hana budi kulinganisha kitu kimoja kimoja: dirisha, nondo, soketi, swichi, nyufa, dari, mistari ya vigae. Kimoja kikibadilika, picha hiyo si ya chumba hicho tena.

Mimi nilianza upya, na njia yenyewe si ngumu.

Kwanza ni futikamba. Nilipima kuta, mlango, dirisha na umbali wa soketi kutoka kona. Kisha nikachukua chaki nikachora sakafuni mstatili wa kitanda kwa kipimo chake halisi. Tulikubaliana kutumia kitanda cha futi 4 kwa 6, ambacho fremu yake hufika karibu sentimita 135 kwa 200, kwa sababu ndicho wapangaji wengi wa vyumba hivi hununua. Mstatili ulikaa kwenye kona ya mbali upande wa kulia, kichwa kikiwa kwenye ukuta unaotazamana na mlango. Nikachora pia meza ndogo, na robo ya duara kuonyesha mlango unapopita ukifunguliwa.

Baada ya hapo niliiweka simu juu ya kigoda kilichopandishwa kwenye meza, mlangoni, lenzi ikiwa kama mita 1.3 kutoka sakafuni. Nilipiga picha ya kwanza chaki ikiwepo. Nikafuta chaki kwa kitambaa chenye maji, sakafu ikakauka, nikapiga ya pili bila kuigusa simu. Picha hizi mbili zinalingana kila mahali isipokuwa ile mistari. Ya kwanza ni ramani yangu, ya pili ndiyo ya tangazo. Pale ambapo hakuna vigae, kwenye sakafu ya saruji, chaki ndiyo njia pekee ninayoiamini.

Situmii ile lenzi pana ya simu inayoandikwa 0.5x. Hiyo huvuta ukuta wa mbali ukaenda mbali zaidi na kuvitanua vitu vya pembeni, na chumba cha futi 12 kikaonekana kama ukumbi. Lenzi ya kawaida, 1x, kutoka mlangoni inatosha kuonyesha ukuta wa mbali na sehemu ya kuta za pembeni. Kama haionyeshi kila kona, ninapiga picha nyingine kutoka kona ya pili.

Kwenye kompyuta, picha ya chumba hukaa tabaka la chini na haiguswi. Ninatumia GIMP, programu ya bure. Kitanda huwekwa tabaka la juu yake, nikakivuta hadi miguu yake minne ikae juu ya pembe nne za chaki. Hapo ndipo unapojua kama picha ya kitanda uliyoipata inafaa. Kama kilipigwa kikitazamwa kutoka juu sana, pembe mbili zitakaa na mbili zitakataa, hata ukivuta namna gani. Tafuta kitanda kingine.

Kuna kanuni moja ya macho ambayo husaidia sana hapa. Kitu chochote kilicho chini ya kimo cha kamera lazima kionekane sehemu yake ya juu, na kilicho juu ya kimo hicho hakionyeshi. Kamera ikiwa mita 1.3, meza ya sentimita 75 lazima uone uso wake. Kabati la mita 1.8 huwezi kuona juu yake kumewekwa nini. Ukiona tangazo lenye meza isiyoonyesha uso wakati kitanda cha pembeni kinaonyesha godoro lote, ujue vitu hivyo vilipigwa picha nyumba tofauti.

Halafu kivuli. Dirisha liko kushoto, basi vivuli vyote vianguke kulia, na pale mguu wa kitanda unapogusa kigae pawe na weusi mwembamba. Bila huo, kitanda huelea. Vigae vinavyong'aa vina jambo la ziada: huakisi. Kama dirisha linaonekana likimeta sakafuni, kitanda nacho lazima kifunike sehemu ya mmeto huo.

Hadi hapo kazi ilikwenda vizuri. Ugumu ulikuja kwenye doa.

“Mwanangu,” mama aliniambia, “kochi nalo liweke pale chini ya dirisha, lile doa lisionekane. Si umesema utaandika kwamba samani ni za kompyuta?”

Swali lake lina akili, na nimelisikia kwa wenye nyumba wengine. Kama tumeshatangaza kwamba kochi si la kweli, kosa liko wapi? Nilimjibu kwamba kochi litaondoka siku mpangaji atakapoingia, na doa litabaki. Tangazo linamwambia mpangaji kwamba kochi halipo. Halimwambii kwamba nyuma yake kuna ukuta wenye maji. Kwa mfanyabiashara anayetaka kuweka nguo za mitumba sakafuni, unyevu wa ukutani unaweza kumharibia mtaji wote.

Kanuni yangu ni kwamba samani za kompyuta zikae mahali ambapo ukuta na sakafu ni vizima. Zikilazimika kufunika kasoro, basi kasoro hiyo ipate picha yake peke yake na itajwe kwa maneno. Kadhalika siweki televisheni wala friji wala taa ya mezani, kwa sababu vitu hivyo humfanya mtu aamini kwamba kuna soketi mahali pale na umeme wa kutosha. Pazia siweki pia. Pazia huficha nondo na hali ya fremu ya dirisha, na hizo ni sehemu za nyumba.

Mama alinyamaza, akafikiri, kisha akasema sawa, lakini nisilipige doa kwa karibu sana likaonekana kama mto Sio. Tulikubaliana nilipige kwa umbali wa hatua mbili, na futikamba ikiwa imening'inizwa pembeni ili ukubwa wake ujulikane.

Sasa nifike kwenye kumwambia mpangaji, jambo ambalo wengi hulifanya nusu nusu. Wanaandika maelezo chini ya picha, au mwisho kabisa wa tangazo baada ya namba ya simu. Lakini picha za mpakani hazikai mahali pamoja. Mtu huihifadhi kwenye simu yake, huiweka kwenye hali yake ya WhatsApp, dalali mwingine huichukua na kuandika maneno yake. Maandishi ya chini hubaki nyuma. Maelezo yaliyofichwa ndani ya faili la picha nayo hufutwa WhatsApp inapoibana. Kinachosafiri ni kile tu kilichoandikwa juu ya picha yenyewe.

Kwa hiyo ninaweka ukanda wenye rangi ya giza na herufi nyeupe, kimo chake kama sehemu ya kumi na mbili ya kimo cha picha. Siuweki ukingoni kabisa, kwa kuwa simu hukata kingo picha inapoonyeshwa ndogo, na mwenye nia mbaya anaweza kuukata kwa kidole kimoja. Ninaupitisha katikati ya kitanda cha kompyuta chenyewe, ili anayetaka kuuondoa akiondoe na kitanda. Maneno yake ni haya: SAMANI ZIMEWEKWA KWA KOMPYUTA. CHUMBA KINAPANGISHWA KITUPU.

Sentensi ya pili ndiyo yenye uzito. Maneno kama “picha ya mfano” au “imepambwa” hayasemi lolote kuhusu mpangaji atakachokikuta. Wapo wanaoelewa “imepambwa” kuwa mwenye nyumba ameweka vitu vizuri. Ukisema kitupu, hakuna wa kukosea.

Picha ya pili katika mfululizo ni chumba hicho hicho kitupu, kutoka pale pale. Ya tatu ni doa. Nayo maandishi ya tangazo yalisomeka hivi:

“Chumba futi 10 kwa 12, vigae, umeme wa kadi, choo cha nje cha pamoja. Kodi shilingi 200,000 za Uganda kwa mwezi. Katika picha ya 1 kitanda (futi 4 kwa 6) na meza vimewekwa kwa kompyuta kwa vipimo halisi ili kuonyesha nafasi. Havimo chumbani na havimo katika kodi. Picha ya 2 ni chumba kilivyo. Picha ya 3 ni alama ya unyevu chini ya dirisha. Katika picha zote tumeongeza mwanga tu.”

Hiyo sentensi ya mwisho kuhusu mwanga niliiongeza kwa hiari yangu. Katika jimbo la Kalifonia, Marekani, sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2026 inawataka mawakala wanaotangaza nyumba za kuuza waeleze wazi kama picha imebadilishwa kwa kompyuta, na wampe mtazamaji njia ya kuiona picha ya awali. Sheria hiyo haihesabu kuongeza mwanga, kusahihisha rangi, kunyoosha picha iliyopinda wala kukata kingo, mradi hali ya nyumba isibadilike. Haituhusu sisi, lakini mpaka ulipowekwa hapo naona ni mahali pazuri: mwanga ni wa picha, samani na kuta ni za nyumba.

Kwetu Uganda kuna Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022. Inaruhusu mkataba uwe kwa maandishi au kwa ujumbe wa kielektroniki, na upangaji wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi lazima uwe kwa mojawapo ya njia hizo. Hata kodi yako ikiwa chini ya hapo, unaporudi kutoka Ghuba usikubali mkataba wa mdomo. Andika katika ujumbe: “Chumba nakipokea kikiwa na nini?” na jibu ulihifadhi pamoja na picha ulizotumiwa.

Na kwa yule anayetazama picha akiwa mbali, kabla ya kutuma hata shilingi moja, aombe picha ya chumba kitupu iliyopigwa kutoka mahali pale pale. Mwenye picha halali anayo, kwa sababu hakuweza kuanza kazi bila hiyo. Akisema imefutika, omba simu ya video, aingie mlangoni na kuzunguka taratibu akifuata ukuta hadi kona zote nne. Ulizia ukubwa wa kigae kimoja, kisha hesabu mwenyewe kwenye picha kitanda kimefunika vingapi. Kama una ndugu au rafiki karibu, na apeleke futikamba.

Chumba cha mama yule kilimpata mpangaji baada ya wiki mbili, mwanamke anayevusha nguo za watoto kutoka upande wa Kenya. Kijana wa mama alikuwa na hakika kwamba picha ya doa ingewakimbiza watu. Mpangaji huyu alipiga simu akiuliza juu ya doa hilo kabla ya jambo jingine lolote: maji yanatoka juu au chini? Mama alitoka nje kutazama akakuta mfereji wa bati umepasuka juu ya dirisha hilo, na mvua ilikuwa ikimwagika ukutani. Walipatana mfereji ubadilishwe kabla ya kuhamia, na plasta ipigwe upya ukuta ukikauka.

Alipokuja kukikagua alikuwa na futikamba yake mkobani. Alipima pale picha ilipoonyesha kitanda, akapima kona ya kushoto karibu na mlango iliyoachwa wazi, akapata sentimita 215 kwa 166 bila kuzuia mlango. Marobota yake ameyapanga hapo juu ya mbao, umbali wa kiganja kutoka ukutani. Siku alipolipa, mama aliniagiza nizitoe picha zote kwenye makundi tuliyozituma.

Makundi matatu yalizitoa siku hiyo hiyo. Katika la nne bado naiona ile ya kitanda ikizunguka, imewekewa namba ya simu ya dalali nisiyemjua, na ukanda wake ukiwa palepale katikati ya shuka.